Saa 24 Kabla ya Pesa Kutoka: Kwa Nini Soko la Kripto Huzuia Anwani Mpya

Mtu amenunua simu mpya. Amehamisha namba, picha na programu zake, kisha akaingia kwenye akaunti yake ya soko la kripto, akabadilisha nywila na kuunganisha upya programu inayotoa tarakimu sita za uthibitisho. Jioni hiyo hiyo anataka kutuma USDT kwenye anwani ambayo hajawahi kuitumia. Anabandika anwani, anaandika kiasi, anabonyeza kutuma, halafu anaambiwa kwamba utoaji umesimamishwa kwa saa 24. Salio lake analiona likiwa kamili, ila halitoki.

Wengi wakifika hapo moyo huwaenda mbio, na hofu yao ina msingi. Tarehe 8 Novemba 2022 soko kubwa la FTX lilisimamisha utoaji, na siku tatu baadaye likaomba kinga ya mufilisi. Tangu hapo, kila mwenye kripto anayeambiwa asubiri hujiuliza kama pesa zake bado zipo. Lakini kusimamishwa kwa saa 24 baada ya kubadilisha mipangilio ya usalama ni jambo la aina nyingine kabisa. Kuna kanuni inayoliendesha, mwisho wake unajulikana, na mwenye akaunti akiielewa kanuni hiyo anaweza kujipanga asikwame, na pia kuitumia kuokoa pesa zake siku mwizi atakapobisha hodi.

Pesa ikishatoka hairudi

Mkenya aliyetuma M-Pesa kwa namba isiyo sahihi ana pa kukimbilia. Anapeleka ujumbe wa muamala kwa 456, Safaricom wanaupitia, na kama aliyepokea bado hajazitumia pesa hizo, zinaweza kurudishwa. Kati ya mtumaji na mpokeaji yupo mtu wa tatu anayeshika daftari na mwenye uwezo wa kulisahihisha.

Kwenye mtandao wa Bitcoin au Tron hakuna mtu huyo. Muamala ukishathibitishwa, hakuna ofisi wala kitufe cha kuurudisha nyuma. Kwenye Tron, mtandao unaopendwa sana kwa kutumia USDT kwa sababu ya wepesi wake, rundo jipya la miamala huandikwa kila baada ya sekunde tatu hivi. Ni kweli kwamba Tether, kampuni inayotoa USDT, inaweza kugandisha anwani fulani, na imefanya hivyo mara nyingi kwa maombi ya vyombo vya dola. Lakini mwizi anayejua kazi yake huigeuza USDT kuwa sarafu nyingine ndani ya dakika chache, na mlango huo nao unakuwa umefungwa.

Kwa hiyo nafasi pekee ya kusema “ngoja kwanza” ipo kabla pesa haijaondoka sokoni. Ndiyo maana masoko yakaweka subira mahali hapo.

Kuna saa mbili, na kila moja ina mwendo wake

Kinachowachanganya wengi ni kudhani kwamba kuna zuio moja tu. Kwa kawaida yapo mawili, na yanaweza kumkuta mtu kwa pamoja.

La kwanza ni la akaunti nzima. Huanza kuhesabu pale unapogusa kitu ambacho mwizi naye angekigusa: kubadilisha nywila, kuweka upya uthibitishaji wa hatua mbili, kubadilisha barua pepe au namba ya simu. Kwenye masoko makubwa kama Binance na Bybit, muda uliozoeleka baada ya kubadilisha nywila ni saa 24. Katika muda huo hutoi chochote kwenda popote, hata kwenye anwani uliyoitumia kwa miaka. Mara nyingi na uuzaji wa mtu kwa mtu, ule wa P2P, nao hufungwa, kwa kuwa ni njia nyingine ya kutolea pesa.

La pili ni la anwani. Masoko mengi humruhusu mteja kuwasha orodha ya anwani zilizoidhinishwa. Orodha hiyo ikiwashwa, pesa haiwezi kwenda kwenye anwani isiyokuwemo. Na anwani mpya ikiingizwa, haianzi kufanya kazi papo hapo: kwa Coinbase inasubiri saa 48, na kwingine saa 24 ndizo za kawaida. Hapa anwani za zamani zinaendelea kupokea, ni ile mpya tu inayowekwa benchi. Kuizima orodha yenyewe nako kwa kawaida kunaanzisha subira, maana bila hivyo mwizi angeizima tu na kuendelea na kazi yake.

Soko la Kraken limechukua njia iliyo kali zaidi. Lina kufuli linaloitwa Global Settings Lock. Ukiliwasha, hakuna mpangilio nyeti unaoweza kuguswa, wala anwani mpya kuongezwa, mpaka kufuli lifunguliwe. Muda wa kusubiri ufunguzi huo unauchagua wewe mwenyewe siku unapoliwasha.

Usiku mmoja wa Januari 2022

Sababu ya saa hizi inaonekana wazi katika mkasa wa Crypto.com. Tarehe 17 Januari 2022, mifumo ya soko hilo iligundua kwamba baadhi ya akaunti zilikuwa zinatoa pesa bila wenyewe kuingiza tarakimu za uthibitisho wa pili. Kampuni ilisimamisha utoaji wote kwa takriban saa 14. Baadaye ilitangaza kwamba watumiaji 483 waliathirika, na kwamba zilichotwa 4,836.26 za Ethereum na 443.93 za Bitcoin, pamoja na sarafu nyingine zenye thamani ya kama dola 66,200. Kwa bei za siku hizo, jumla ilizidi dola milioni 30. Kampuni ilisema wateja hao walifidiwa.

Tazama kilichotokea. Uthibitisho wa hatua mbili ndio uliokuwa ukuta, na ukuta huo ukapitwa. Baada yake hapakuwa na kitu kingine cha kumchelewesha mwizi: aliingiza anwani yake na pesa zikaondoka wakati huo huo. Kabla wenye akaunti hawajajua, mambo yalikuwa yamekwisha.

Siku iliyofuata Crypto.com iliongeza kanuni mpya. Anwani yoyote mpya ikiingizwa kwenye orodha, lazima zipite saa 24 ndipo itumike kwa mara ya kwanza, na mwenye akaunti hupelekewa taarifa kwamba anwani imeongezwa. Kanuni hiyo haikudai ukuta mrefu zaidi. Ilichukulia kwamba ukuta unaweza kupitwa, ikampa mwenye mali siku nzima ya kushtuka.

Hilo ndilo kusudi la subira hii popote uikutapo. Mfumo haujui kama aliyebadilisha nywila ni wewe au ni kijana aliyeirejesha laini yako kwa kitambulisho bandia ili tarakimu za uthibitisho zimfikie yeye. Kwa mfumo, nyote wawili mnafanana: mna nywila sahihi na tarakimu sahihi. Kinachowatofautisha ni muda. Mwizi hana saa 24, maana laini yako ikikata ghafla utauliza dukani kabla ya jioni.

Mfano wa mfanyabiashara wa Eastleigh

Tuchukue mfano wa mfanyabiashara wa nguo wa Eastleigh, Nairobi, anayepaswa kumlipa muuzaji wake wa jumla Guangzhou USDT 4,000 ifikapo Jumapili mchana. Soko analotumia lina saa 24 kwa akaunti na saa 24 kwa anwani, na orodha yake ya anwani imewashwa.

Ijumaa saa 3 usiku anaweka upya uthibitishaji wa hatua mbili kwenye simu mpya. Saa ya akaunti inaanza, na itaisha Jumamosi saa 3 usiku. Jumamosi saa 2 asubuhi muuzaji anamtumia anwani mpya, naye anaiingiza kwenye orodha. Saa ya anwani inaanza, na itaisha Jumapili saa 2 asubuhi. Saa hizi mbili hazijumlishwi, zinakwenda sambamba. Anachopaswa kuangalia ni ile inayochelewa kumalizika, nayo ni ya anwani. Jumapili saa 2 asubuhi njia itakuwa nyeupe, kabla ya tarehe ya malipo kupita.

Sasa tuseme Jumamosi saa 10 jioni wasiwasi unamzidi. Anadhani akaunti ina hitilafu, anabadilisha nywila akitumaini mambo yatafunguka. Kwa kufanya hivyo ameigusa tena mipangilio ya usalama, na saa ya akaunti inaanza upya. Itaisha Jumapili saa 10 jioni. Malipo yaliyokuwa yatoke asubuhi yamesogezwa saa nane kwa mkono wake mwenyewe. Hili ndilo kosa linalowaumiza wengi: wanahangaika na mipangilio, na kila wanapoigusa wanarudishwa mwanzo.

Jambo jingine dogo linalosumbua ni saa inayoandikwa kwenye skrini. Baadhi ya masoko huandika muda kwa UTC, nasi wa Afrika Mashariki tuko saa tatu mbele. Skrini ikisema `18:00 UTC`, kwetu ni saa 3 usiku, wala si saa 12 jioni. Anayejaribu saa 12 atakataliwa na kudhani soko limevunja ahadi.

Je, anaposubiri anaweza kufanya nini? Katika masoko mengi, kununua na kuuza ndani ya akaunti hakuzuiwi. Kama angekuwa na Bitcoin na anaogopa bei ishuke, angeweza kuibadilisha kuwa USDT na kukaa nayo. Kilichofungwa ni mlango wa kutokea tu.

Lakini kazi kubwa ya kufanya katika saa hizo ni kuihakiki ile anwani. Muuzaji aliyekulipisha kwa anwani moja mwaka mzima, leo ghafla analeta nyingine kwa barua pepe: huenda ni kweli, huenda pia barua pepe yake imeingiliwa. Mfanyabiashara wetu ampigie simu kwa namba aliyokuwa nayo tangu zamani, si ile iliyoandikwa kwenye ujumbe mpya, amsomee anwani herufi kwa herufi. Anwani ya Tron huanza na T na ina herufi na tarakimu 34. Ya Ethereum huanza na 0x zikifuatwa na 40. Asitosheke na za mwanzo na za mwisho, maana wapo matapeli wanaotengeneza anwani zinazofanana mwanzo na mwisho na ile unayoijua, kisha wanakutumia kiasi kidogo ili ikae kwenye historia yako na siku moja uinakili kwa bahati mbaya. Mwezi Mei 2024, mtu mmoja alituma Bitcoin za aina ya WBTC 1,155, zenye thamani ya karibu dola milioni 68, kwenye anwani ya namna hiyo. Bahati yake, baada ya mazungumzo mwizi alizirudisha nyingi. Usiitegemee bahati hiyo.

Na siku njia ikifunguka, atume kwanza kidogo, tuseme USDT 20, asubiri muuzaji athibitishe kwamba zimefika, ndipo atume 3,980 zilizobaki.

Utajuaje kama ni subira ya kweli?

Kuna dalili nne zinazotosha.

Ya kwanza, subira ya kweli inatokana na jambo ulilolifanya wewe: nywila, uthibitisho, barua pepe, namba au anwani. Kama hukugusa chochote na umezuiwa, huenda mtandao wa sarafu hiyo uko kwenye matengenezo, au soko linataka vielelezo vya utambulisho wako na chanzo cha pesa. Zuio hilo la pili halihesabiwi kwa saa 24 na linaweza kuchukua siku nyingi; ingia kwenye akaunti uone wanachodai.

Ya pili, ina muda wa mwisho ulioandikwa, na muda huo hausogei kama hujagusa kitu.

Ya tatu, muamala hauna namba ya utambulisho, ile inayoandikwa `TxID`. Namba hiyo ikishaonekana, pesa zimetoka sokoni na ziko kwenye mtandao. Unaweza kuzifuatilia kwenye tovuti ya wazi ya mtandao husika. Isipokuwepo, pesa bado ziko sokoni.

Ya nne, na ndiyo nzito kuliko zote, hakuna anayekudai pesa ili kuiondoa. Soko la kweli halikuambii uweke asilimia 20 ya salio ndipo ufunguliwe, wala ulipe kodi kwanza, wala ununue daraja la juu. Ukiambiwa hivyo, huna akaunti ya kripto. Una tarakimu zilizochorwa kwenye tovuti ya matapeli, na kila utakachoongeza kitafuata kilichotangulia. Ni hivyo hivyo kwa mtu wa Telegramu anayejitambulisha kuwa wa huduma kwa wateja na kuahidi kukufungulia mapema. Saa hizi huendeshwa na mfumo, na masoko hukataa kuzifupisha hata kwa mteja mwenye haraka ya kweli, kwa sababu haraka ndiyo hadithi ambayo mwizi naye angeileta.

Ikiwa aliyebadilisha si wewe

Umepata barua pepe usiku: nywila imebadilishwa, au anwani mpya imeongezwa, nawe hujafanya lolote. Hapo ujue saa zilizobaki ni zako, na zinapungua. Usibonyeze kiungo kilichomo kwenye barua hiyo kabla ya kujua imetoka wapi, kwa kuwa matapeli nao hutuma barua zinazofanana. Fungua programu ya soko mwenyewe, tafuta sehemu ya kusimamisha akaunti, uisimamishe. Masoko makubwa yana kitufe hicho.

Kisha linda barua pepe kabla ya kitu kingine. Ukirudisha nywila ya soko wakati mwizi bado anasoma barua zako, umemkabidhi ufunguo mpya. Tumia kifaa kingine unachokiamini, badilisha nywila ya barua pepe, toa vifaa vyote usivyovitambua, na ukague kama kuna kanuni iliyowekwa ya kupeleka barua za soko kwingine au kuzifuta. Wezi huiweka ili usione tahadhari. Kama simu yako imepoteza mtandao bila sababu, nenda kwa kampuni ya simu uzuie laini. Mwisho rudi sokoni: futa anwani usizozijua na ufute kila ufunguo wa API.

Subira ina mipaka yake

Si kila hasara inapitia mlango wa kutolea. Tarehe 7 Machi 2018, wezi waliokuwa wamekusanya nywila za wateja wa Binance kwa kutumia tovuti ya kuigiza walizitumia funguo za API walizozitengeneza ndani ya akaunti hizo. Hawakujaribu kutoa pesa za wahanga. Ndani ya muda wa kama dakika mbili walizifanya akaunti hizo zinunue sarafu iitwayo Viacoin kwa bei ya kuruka, huku wao wakiwauzia kutoka akaunti walizokuwa wamezijaza mapema. Binance iliwahi kuzuia utoaji na wezi hawakuondoka na kitu, lakini fundisho lilibaki: aliye ndani ya akaunti anaweza kukuumiza bila kutuma senti kwenye anwani yake.

Pia orodha ya anwani haikulindi dhidi ya anwani uliyoiidhinisha mwenyewe kwa kudanganywa, wala dhidi ya kuibiwa au kufilisika kwa soko lenyewe. Na saa 24 hazina faida kwa mtu ambaye hafungui barua pepe yake kwa wiki nzima.

Fanya hivi kabla hujaihitaji

Washa orodha ya anwani leo, wakati huna haraka. Ingiza humo anwani mbili: pochi yako mwenyewe unayoshika funguo zake, na ile ya mtu au mahali unapolipa mara kwa mara. Zitamaliza subira yake ukiwa umelala.

Kabla hujauza au kufuta simu ya zamani, hamishia programu ya uthibitisho kwenye simu mpya kwanza. Programu kama Google Authenticator ina njia ya kuhamisha, na kuhamisha hakugusi mipangilio ya soko, kwa hiyo hakuanzishi saa yoyote. Wanaokwama ni wale waliofuta simu kwanza wakalazimika kuomba uthibitisho uwekwe upya.

Ikiwa ni lazima ubadilishe nywila, barua pepe au namba, vibadilishe vyote kwa mkupuo mmoja, siku ambayo huna malipo ndani ya siku mbili zijazo, kisha acha kila kitu kama kilivyo mpaka muda uishe. Na ukipata tahadhari ya badiliko usilolifanya, usiiache mpaka asubuhi. Simamisha akaunti saa hiyo hiyo, kwa maana baada ya pesa kutoka hakuna wa kukurudishia.